Asilimia moja ya mauzo au asilimia thelathini ya faida? Hesabu ya butiki moja ya Baraka

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wamama wafanyabiashara, Baraka, mwanzo wa mwaka 2024. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukipunguza tu yale ya kurudia-rudia.



Mara ya mwisho tulipokutana, kijana mmoja wa kule nyuma aliuliza swali, na tulishindwa kulijibu vizuri kwa sababu muda ulikuwa umeisha. Alisema: "Kiongozi, watu wa kodi wanasema mimi nilipe kwa yale niliyouza. Lakini niliyouza si yangu! Ya mwenye mali yamo ndani, ya boti yamo ndani. Kwa nini wasinihesabie faida?" Watu walimpigia makofi. Na mimi niliona ni swali la haki. Basi leo tutalishika hilo peke yake, na tutalishika kwa kaye ya kweli, si kwa maneno ya kisiasa.

Kuna mama mmoja mwenye butiki hapa Baraka, jina lake hatutalitaja, alitukubalia tufungue kaye yake ya mwaka mzima wa 2023. Anauza sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, unga, chumvi na mchele. Mali nyingine inatoka Uvira kwa kamyo, nyingine inavuka ziwa kutoka Kigoma. Butiki yake imeandikwa kabisa kama kampuni ndogo ya mtu mmoja, SARL, na ana namba ya kodi. Kumbukeni hilo la SARL, maana asilimia tutakazotumia upande wa faida ni zile za kampuni.

Kwanza niseme sheria ilisema nini kwa mwaka huo wa 2023, kwa ufupi. Biashara ndogo zilikuwa zinafuata sheria-amri namba 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013. Pale wanaangalia kwanza umeuza kiasi gani kwa mwaka. Ukiwa chini ya milioni 10 za franka, unalipa kiasi kimoja cha mwaka kilichopangwa, hata bila kupiga hesabu ndefu. Ukiwa kati ya milioni 10 na milioni 80, unalipa 1% ya mauzo yako kama unauza vitu, au 2% kama unauza kazi ya mikono, yaani huduma. Ukivuka milioni 80, unatoka huko na unaingia kwa kodi ya kawaida ya faida, ambayo kwa kampuni ni 30%. Lakini huko juu kuna mlango mmoja umefungwa: hata faida yako ikiwa kidogo sana, hata ukipata hasara, kodi haishuki chini ya 1% ya mauzo. Kamateni hilo, tutalirudia.

Sasa tufungue kaye.

Mama anafungua siku sita kwa juma. Siku nyingine anauza 90.000, siku ya soko anaweza kufika 400.000. Mwaka mzima, siku 312, jumla ni 62.400.000 za franka. Ukigawa, ni 200.000 kwa siku. Kwa hiyo yuko ndani kabisa ya kapu la pili, la 1%.

Kodi yake kwa mauzo: 62.400.000, toa asilimia moja, ni 624.000. Imeisha. Hakuna mtu anayemuuliza kodi ya nyumba ni ngapi, boti ni ngapi, kijana wa butiki analipwa ngapi. Mstari mmoja tu.

Sasa upande wa faida. Hapa ndipo kazi iko, na hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya.

Mwanzo wa Januari mama alikuwa na mali ndani ya butiki ya 4.100.000, kwa bei aliyonunulia. Katika mwaka alinunua mali ya 54.600.000. Mwisho wa Desemba akahesabu tena iliyobaki: 4.900.000. Sasa mali iliyouzwa ni ngapi? Si 54.600.000. Unachukua ya Januari, unaongeza uliyonunua, unatoa iliyobaki Desemba. Inakuja 53.800.000. Nilipofanya hesabu hii na vijana wetu watatu, wote watatu walisahau kutoa mali iliyobaki kwenye rafu. Ukisahau, unaona kama mama amepata faida ya 4.900.000 pungufu kuliko ukweli. Mifuko ile ya sukari iliyobaki Desemba haijaliwa, iko pale, itauzwa mwaka unaofuata.

Kwa hiyo 62.400.000 toa 53.800.000, inabaki 8.600.000. Hiyo bado si faida. Ndani yake lazima itoke gharama za mwaka: boti, kamyo na motari, 1.950.000. Nyumba ya butiki, 100.000 kwa mwezi, 1.200.000. Kijana anayemsaidia, 120.000 kwa mwezi, 1.440.000. Taksi ya soko ya kila siku, 500 mara siku 312, ni 156.000. Taksi nyingine za maofisi, zile zenye kitansi, 200.000. Unite za simu, mifuko ya plastiki, betri ya taa, 354.000. Sukari iliyolowa na mvua njiani, 220.000. Na mwisho, zile za barieri. Nanyi mnazijua. Mama aliandika kila juma karibu 15.000, mwaka mzima 780.000.

Jumlisha vyote: 6.300.000. Faida ya kweli ya mama ni 2.300.000 kwa mwaka. Yaani karibu 190.000 kwa mwezi, na hapo hatujatoa chakula cha nyumbani wala pesa za shule, kwa sababu hizo si gharama za butiki. (Mama mwenyewe alipoona namba hiyo alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Njo maana." Sikumuuliza maana ya nini.)

Sasa tukipiga 30% ya 2.300.000 tunapata 690.000. Na kwa mauzo ilikuwa 624.000. Mnaona? Tofauti ni 66.000 tu. Yule kijana aliyeuliza alidhani kodi ya faida itamwokoa, lakini kwa huyu mama ingemwongezea kidogo.

Kuna njia rahisi ya kujua bila hesabu ndefu. Chukua kila franka 100 unazouza, jiulize zinabaki ngapi mkononi baada ya kila kitu. Zikibaki zaidi ya 3 na sehemu ya 3, basi 1% ya mauzo ni nafuu kwako kuliko 30% ya faida. Zikibaki pungufu ya hapo, kodi ya faida ndiyo ingekuwa nafuu, kama ingekuwa peke yake. Huyu mama kwa kila 100 anabakiwa na 3,7. Yuko karibu sana na mpaka. Mwenye kuuza mafuta ya kupikia kwa jumla, anayebakiwa na 2 kwa 100, yuko upande mwingine: kwake kodi ya faida ingekuwa 60 senti za kila 100, na ya mauzo ni 1 nzima.

Lakini sasa ule mlango niliowaambia umefungwa. Kwa sheria yetu, kodi ya faida haishuki chini ya 1% ya mauzo. Kwa hiyo yule wa mafuta, hata akihesabiwa kwa faida, atalipa ile ile 1%. Hatashinda kitu. Ndiyo maana nasema wazi: hapa Kongo, kwa mtu anayeuza vitu na yuko chini ya milioni 80, kodi ya mauzo ya 1% haiwezi kumzidi ile ya faida. Inaweza kuwa sawa, au nafuu. Haiwezi kuwa mbaya zaidi. Anayekuambia upiganie kuhesabiwa faida, muulize kwanza kama amefanya hesabu.

Hata mwaka wa hasara. Tuseme boti imezama upande wa Ubwari na mali ya milioni 3 imeenda majini. Faida ya mama ya 2.300.000 inageuka hasara ya 700.000. Kwa kodi ya mauzo bado anadaiwa 624.000. Inauma, ni kweli, na hapo ndipo lawama ya yule kijana ina nguvu: Leta inachukua kwa mtu ambaye hakupata kitu. Lakini akiwa kwenye kodi ya faida pia wangemwambia: kiwango cha chini ni 1% ya mauzo, lete 624.000. Ni kilio kile kile. Kama tunataka kubadilisha kitu hapo, tudai mwaka wa hasara uangaliwe, tusidai kuhamishwa kapu.

Nchi jirani si hivyo hivyo. Kenya kwa mfano, tangu Julai 2023 kodi ya mauzo ya wadogo ni 3%. Ukilinganisha na kampuni inayolipa 30% ya faida, mpaka unahama: kule lazima ubakiwe na 10 kwa kila 100 ndipo kodi ya mauzo iwe nafuu. Muuza sukari wa jumla kule anaumia, na ndiyo maana sheria yao inamruhusu kuandikia ofisi ya kodi na kuomba atoke ahesabiwe kwa faida. Kwa hiyo msichukue video ya mtu wa Nairobi mkaileta Baraka kama ilivyo. Namba zake ni nyingine.

Haya. Sasa nije kwenye sehemu inayonikasirisha.

Ile 690.000 niliyowapa ni hesabu ya ukweli. Si hesabu ya ofisi. Ofisi ya kodi inakubali gharama yenye karatasi. Tuangalie tena kaye ya mama. Barieri 780.000: kuna kitansi? Hakuna hata kimoja. Boti na motari 1.950.000: mwenye boti anaandika jina lako kwenye kaye yake, wewe anakupa nini? Mkono tu. Basi ajenti wa kodi atafuta hizo mbili. Kwa kalamu yake faida ya mama inapanda kutoka 2.300.000 mpaka 5.030.000, na 30% yake ni 1.509.000.

Fikirini. Mama kweli amepata 2.300.000. Akitoa 1.509.000 anabakiwa na 791.000 kwa mwaka mzima. Kodi imekula karibu theluthi mbili za jasho lake, na hakuna aliyevunja sheria hapo isipokuwa wale wa barieri. Kila franka aliyotoa barabarani bila kitansi, analipia tena senti 30 juu yake. Yaani wanaomla bila haki wanamletea na kodi.

Kwa kodi ya mauzo jambo hilo halipo. Awe na kitansi, asiwe nacho, 1% ni 1%. Hii ndiyo faida kubwa ya kapu la pili kwa watu wa kwetu, kubwa kuliko ile tofauti ya 66.000. Haikusamehe hasara, lakini pia haikuadhibu kwa sababu mwenye mtumbwi wa Kazimia hana kitabu cha risiti.

Sasa mtaniuliza: kama yuko milioni 62, mambo ya 30% yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu mbili, na zote mbili zinaweza kumkuta mwaka huu.

Ya kwanza ni franka yenyewe. Mwaka 2013, sheria ilipoandikwa, dola moja ilikuwa karibu franka 920. Milioni 80 zilikuwa kama dola 87.000. Huyo ni mtu mwenye depo, mwenye kamyo yake. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa karibu 2.700. Milioni 80 zile zile wakati huo hazikufika dola 30.000. Mpaka haujasogea kwenye karatasi, lakini umetusogelea sisi. Mama huyu ananunua kwa dola, au kwa pesa ya Tanzania, na anauza kwa franka. Katika mwaka 2023 peke yake dola ilitoka karibu 2.000 ikafika hapo. Bei zikifuata mwendo huo, yaani zikipanda kama theluthi, mauzo yake ya milioni 62 yanafika milioni 84. Hajauza hata kilo moja zaidi! Mifuko ni ile ile, wateja ni wale wale. Lakini amevuka milioni 80, na sasa ni 30% ya faida, ni ajenti mwenye kufuta gharama zisizo na karatasi, na juu yake mambo ya TVA ya 16% na vitabu vyake.

Kwa hiyo dai letu kama harakati ni moja na liko wazi: mpaka wa milioni 80 uangaliwe upya kwa thamani ya pesa ya leo. Hatusemi watu wasilipe. Tunasema mtu asihamishwe kapu na kushuka kwa franka. Na nyinyi wafanyabiashara, mkiona mwezi wa tisa mmeshafika milioni 65, msingoje Desemba. Anzeni siku hiyo kudai karatasi kwa kila anayewauzia na kila anayewabebea.

Ya pili ni kukisiwa. Usipotangaza mauzo yako, au ukitangaza bila kitu cha kuonyesha, sheria inaruhusu ofisi ikukadirie yenyewe. Sasa ajenti anakuja siku gani? Anakuja siku ya soko. Anaona butiki imejaa, anakaa, anahesabu, anaona 400.000. Anapiga mara siku 312, anapata 124.800.000. Mara mbili kamili ya ukweli. Hapo 1% peke yake ingekuwa 1.248.000, lakini hata haishii hapo, kwa sababu 124 ni zaidi ya 80, basi umetupwa kwenye kapu la faida, ambako hata kiwango cha chini kabisa ni hiyo 1.248.000.

Unajitetea na nini? Na kaye ya kila siku. Mama alipotufungulia yake, niliona wiki nzima ya mvua, barabara ya kutoka Uvira imekatika, mauzo ya siku ni 60.000, 75.000, siku moja sifuri kabisa. Kurasa hizo ndizo silaha. Mtu akikuambia unauza 400.000 kila siku, unamfungulia ukurasa wa mvua. Lakini kurasa lazima ziwe zimeandikwa siku ile ile, kwa kalamu, na tarehe. Kaye iliyoandikwa yote usiku mmoja inajulikana: wino ni mmoja, namba zote zinaishia na sifuri tatu zilizo sawa, na hakuna siku hata moja mbaya. Biashara ya kweli ina siku mbaya.

Kigoma, ng'ambo tu hapo, wameliweka hili ndani ya kodi yenyewe. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya milioni 5 za shilingi kwa mwaka, kwa viwango vya mwaka 2023, akiwa na kumbukumbu analipa 30.000, asipokuwa nazo analipa 100.000. Kaye inamwokolea 70.000 taslimu. Kwetu sheria haisemi hivyo, lakini ukikisiwa utaona ni jambo lile lile.

Niwageukie kidogo vijana wa huduma, maana wengi hapa hamuuzi sukari. Kwenu ni 2%, si 1%. Mwenye sekretaria, fotokopi na kuchaji simu, akiingiza 14.400.000 kwa mwaka na ikabaki faida ya 2.400.000, analipa 288.000. Kwa faida ingekuwa 720.000. Bado yuko vizuri sana, kwa sababu katika huduma mara nyingi kinachobaki ni kikubwa. Mpaka wenu ni 6 na sehemu ya 7 kwa kila 100. Kumbuka tu kwamba kwenu ile hoja yangu ya mlango uliofungwa haisimami: 2% yenu iko juu ya kiwango cha chini cha 1%, kwa hiyo wa huduma mwenye kubakiwa na kidogo sana, 3 au 4 kwa 100, kweli anaumizwa na kodi ya mauzo. Yeye ndiye mwenye swali la yule kijana.

Na wale wa kutuma na kutoa pesa kwa simu, tafadhali. Pesa zinazopita mikononi mwenu si mauzo yenu. Kwa mwaka zinaweza kupita milioni 150, lakini chenu ni komisyo. Kama komisyo ya mwaka ni milioni 3, basi mauzo yenu ni milioni 3, na mko kwenye kapu la kwanza kabisa. Nimesikia watu wameandika milioni zote zilizopita kwenye karatasi ya kodi. Hiyo ni kujichinja. Chukua ripoti ya komisyo ya kila mwezi kwenye simu, iandike, iweke.

Swali limetoka hapa mbele: "Kama nalipa hiyo 1%, nimempa nani?" Swali zuri. Kodi hii ni ya DGI. Ajenti hapokei pesa mkononi. Unajaza karatasi ya tangazo, unapata namba, pesa inaingia kwenye konti ya Leta kupitia benki, na unabaki na karatasi ya benki yenye jina lako, namba yako ya kodi na aina ya kodi. Kwa kapu la pili inalipwa kwa sehemu mbili, kwa hiyo usidanganyike kwamba ya kwanza ni yote, na usikubali kulipishwa ya pili mara mbili. Taksi ya soko, taksi za jimbo, za mji, hizo ni nyingine, na kulipa moja hakufuti nyingine. Ndiyo maana kwenye kaye ya mama tuliziandika kama gharama, hatukuzichanganya na kodi.

Swali lingine, la mama wa samaki: "Mimi ndagala ninauza kwa mapipa na kwa vikombe, nitaandika namna gani?" Mama, andika pesa, usiandike vikombe. Jioni hesabu makuta yaliyo kwenye kitambaa, toa yale uliyoanza nayo asubuhi kwa ajili ya chenji, ongeza uliyotoa mchana kununua chakula au kulipa mbebaji. Hiyo ndiyo mauzo ya siku. Uliyokopesha iandike kando na jina la mtu, maana nayo umeuza. Mistari mitatu kwa siku inatosha. Mwisho wa mwezi jumlisha, mwisho wa mwaka hesabu mali iliyobaki kwa bei uliyonunulia, si kwa bei ya kuuzia.

Jumamosi ijayo, saa nane, tutakuwa hapa hapa na mashini mbili za kuhesabia. Mwenye kaye aje nayo. Asiye nayo aje na mauzo ya wiki hii tu, tutaanzia hapo.